Mrejesho: Mada za tasnifu yangu ya uuguzi zimepita

Niliuliza: "Nimehoji wauguzi kuhusu kutuliza maumivu baada ya upasuaji wa uzazi. Misimbo, yaani majina mafupi ya walichosema, ninayo tele, nitafikaje kwenye mada?"

Wakuu, asanteni sana. Kilichonisaidia ni kuweka maswali ya usaili pembeni na kusoma vidondoo vyenyewe. Mada yangu ya awali, "Changamoto", ilikuwa kapu tu, haikuwa na wazo linalounganisha vilivyomo.

Muuguzi mmoja alisema: "Akilia ndiyo namchoma sindano." Msimbo ukawa "kupima kwa kilio". Mwingine alisema wanaojifungua mara ya kwanza hudeka. Nikaandika "kudhani anadeka". Nilipoiweka misimbo hiyo pamoja, mada ikajitokeza: maumivu huaminiwa yakionekana.

Kisha nikarudi kwenye nakala zote kutafuta anayeipinga. Nikampata muuguzi anayemuuliza kila mama ataje maumivu yake kati ya 0 na 10. Nikamsoma tena: namba anaiandika kwenye faili, lakini dawa anatoa kwa jinsi anavyomwona mgonjwa. Nikamnukuu kwa kirefu, maana ndiye aliyeipa mada uzito.

Uhaba wa dawa haukuingia hapo, nami sikuulazimisha. Umesimama kama mada yake: nani apewe kwanza dawa ikiwa kidogo. Msimamizi ameniruhusu kuandika sura ya matokeo.