Waya umevutwa robo ya urefu, nikijumlisha modi napata nusu tu ya kimo. Nimekosea wapi?

Mtoro_wa_Maabara

Wakuu, habari za jioni. Nina swali la mawimbi ambalo limeninyima usingizi siku ya tatu sasa.

Waya wa gitaa una urefu L = 65 sm, ncha zote zimebanwa. Umevutwa juu h = 4 mm mahali palipo sm 16.25 kutoka kwenye daraja, yaani robo kamili, halafu ukaachiwa bila kusukumwa. Umbo la mwanzo ni pembetatu na kasi ya mwanzo ni sifuri. Nimeandika hivi:

y(x,t) = Σ bₙ sin(nπx/L) cos(nπct/L)

Kisha nikatafuta bₙ kwa kuintegreti umbo la mwanzo. Code yangu:

```python
import numpy as np
L, h, a = 0.65, 0.004, 0.1625
n = np.arange(1, 201)
k = n*np.pi/L
b = (2*h/(a*L))*(-a*np.cos(k*a)/k + np.sin(k*a)/k**2)
print(sum(b*np.sin(k*a)))
```

Kwenye ncha ya pembetatu nilitegemea mm 4. Inanipa karibu mm 2, na hata nikiongeza modi haipandi. Tena nikichora, hatua chache kabla ya sm 16.25 mchoro unaruka juu kupita mm 4, halafu unaanguka ghafla. Vizigeu vyenyewe ni vya ajabu: b₁ = 0.123h, b₂ = 0.203h, b₃ = 0.214h, b₄ = 0.159h. Msaada tafadhali.

Mpiga Udi wa Ng'ambo

Kijana, mm 4 kwa waya wa sm 65 ni nyingi, unaweza kuwa umelegea. Badilisha waya kwanza. Mimi udi wangu ukianza kutoa sauti nusunusu hivyo huwa najua waya umechoka.

Mtoro_wa_Maabara

Mzee wangu, shikamoo. Hapa hakuna waya, ni hesabu kwenye kompyuta tu 😅

Mpiga Udi wa Ng'ambo

Marahaba. Basi endeleeni, nasoma.

Kamba_Ngumu

Kosa naliona. b₄ inatakiwa iwe sifuri, wewe una 0.159h. Ukiweka kidole kwenye robo unaizuia modi ya 4. Na sababu ni kwamba kwenye muda umeweka cos peke yake. Rudisha na sin(nπct/L), jumla itakaa sawa.

Mama Sini

Kamba_Ngumu, la b₄ umelipata, ila sababu zote mbili sizikubali.

Tuanze na muda. Ukirudisha sin yenye vizigeu cₙ, kisha ukatafuta kasi pale t = 0, sehemu za cos zinakufa na kinachobaki ni Σ cₙ(nπc/L) sin(nπx/L). Hiyo lazima iwe sifuri kila mahali kwenye waya, kwa hiyo kila cₙ ni sifuri. Isitoshe, pale t = 0 sin ya muda yenyewe ni sifuri, haiwezi kuongeza hata nywele moja kwenye kimo anacholalamikia. Mtoro hapo yuko sahihi.

La kidole: kugusa waya na kuuvuta ni vitu viwili vinavyokwenda kinyume. Ukigusa robo wakati waya unatetemeka, modi ya 4 ndiyo inayopona, maana pale haina mwendo wa kuzuiwa, na zinazokufa ni ya 1, ya 2 na ya 3. Ukivuta robo na kuachia, ya 4 ndiyo isiyoamka, kwa sababu hiyohiyo: pale haina mwendo, huwezi kuishika.

Sasa ugonjwa wenyewe. Mtoro, umeintegreti mteremko mmoja tu, kutoka 0 hadi a. Waya wako unapanda hadi mm 4 kisha unakatwa na kulala chini hadi mwisho. Dalili ulikuwa nazo mkononi. Mfululizo wa sini ukifika kwenye mruko hutua katikati ya mruko, ndiyo ile mm 2. Pembeni ya mruko hupitiliza kwa takriban asilimia 9 ya ukubwa wake, ndiyo ile pembe iliyopita mm 4, na haiondoki hata ukiweka modi elfu moja, inazidi tu kubanana. Na vizigeu vyako vina sehemu inayopungua kwa 1/n. Waya uliopinda tu bila kukatika hupungua kwa 1/n².

Ongeza mteremko wa pili, h(L−x)/(L−a), kutoka a hadi L. Utaona sehemu ya cos(nπa/L) inakuja na alama ya kinyume na zinafutana. Inabaki:

bₙ = 2hL² sin(nπa/L) / (n²π² a(L−a))

Mtoro_wa_Maabara

Mama, Mungu akubariki. Nimerudia: b₁ = 0.764h, b₂ = 0.270h, b₃ = 0.085h, b₄ = 0, b₅ = −0.031h. Modi tatu za kwanza zinanifikisha mm 3.48, saba zinanifikisha mm 3.73, na zaidi ya hapo inapanda taratibu kuelekea 4. Hiyo alama ya kutoa kwenye b₅ ni sawa?

Mama Sini

Ni sawa. sin(5π/4) ni hasi. Modi hiyo inaanza ikiwa chini wakati ya kwanza iko juu. Usiitupe alama, bila hiyo kona haijengeki. Ila kwa nishati haina maana, pale kizigeu kinapigwa mraba: modi ya 1 inabeba asilimia 54, ya 2 asilimia 27, ya 3 asilimia 6.

Mpiga Udi wa Ng'ambo

Hapo sasa nimeelewa kitu. Nikidonoa karibu na daraja sauti inakuwa kali, nikisogea katikati inakuwa ya mviringo. Ndiyo hizo namba?

Mama Sini

Ndiyo hizo, kaka. Ukidonoa katikati kabisa modi zote za shufwa zinakosekana. Karibu na daraja, sin(nπa/L) inachelewa kurudi sifuri, kwa hiyo modi nyingi za juu zinapata chake.

Kamba_Ngumu

Nakubali la kugusa, nilichanganya. Lakini nimerekodi gitaa langu kwa simu sasa hivi, nimevuta robo, na harmoniki ya 4 ipo. Ndogo, lakini ipo. Kwa hiyo kidole changu kilitoa kasi ya mwanzo, sivyo?

Mama Sini

Kasi unayoitoa hapohapo kwenye robo nayo inaangukia mahali modi ya 4 haina mwendo, kwa hiyo haiiamshi. Mimi ningeshuku kwanza mahali ulipovuta. Ukikosea sm 1 tu kuelekea katikati, modi ya 4 inapata kama asilimia 1.6 ya kimo cha modi ya kwanza, na maikrofoni inaisikia. Lakini pia waya ukivutwa mkazo wake hupanda kidogo, na daraja si jiwe, linasogea. Hayo mawili yanaweza kuipa modi isiyokuwepo nguvu kutoka kwa zilizopo. Kwa rekodi moja siwezi kukuambia ni lipi.

Kamba_Ngumu

Nilipima kwa rula, sm 1 siikubali.

Mtoro_wa_Maabara

Rula ilipima waya, je kidole ulikipima? Ncha ya kidole ina upana wa zaidi ya sm 1.

Mama Sini

Acheni kidole. Zungusha waya mwembamba wa shaba, ule wa ndani ya mota ndogo, hapo kwenye robo, uvute taratibu mpaka ukatike wenyewe. Kila mara unakatika kwa nguvu ileile, na mahali panabaki palepale. Kisha angalia kama harmoniki ya 4 tayari ipo mwanzoni mwa sauti, au inakua baadaye. Ikikua baadaye, ni daraja au mkazo.

Mpiga Udi wa Ng'ambo

Waya wa mota ninao, feni iliungua mwezi jana. Kesho nitajaribu kwenye udi, ila nyuzi zake ni mbilimbili. Nizibe moja?

Mama Sini

Itoe kabisa, usiizibe. Ukiiacha itaitikia ya jirani.