Tupeane uzoefu: Aliyewahi kupewa dawa ya usingizi ya mtu mwingine

Bintimkubwa: Naanza mimi. Mama ana miaka 71, goti lilimnyima usingizi. Jirani akampa vidonge viwili vya diazepamu vya miligramu 5: "Meza tu, mimi ndizo zangu." Kumbe mama alikuwa ameshameza tramado ya maumivu. Saa nne asubuhi bado kalala, anakoroma kwa uzito, halafu kimya kirefu kabla ya pumzi nyingine. Ukimtikisa anafumbua macho, anazama tena. Tulimlaza ubavu, tukamkimbiza hospitali na karatasi ya vidonge. Daktari akauliza kwanza: kameza nini kingine? Alipona, ila na jirani hatuongei vizuri mpaka leo.

Nyuma_ya_kaunta: Pole sana. Diazepamu na tramado zote hupunguza kasi ya pumzi, zikikutana ndiyo hatari yenyewe. Pombe nayo vilevile. Jirani mwili wake umeshaizoea, wa mama haujazoea. Tena kwa mzee diazepamu hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo akimeza ya leo anaijazia juu ya ya jana. Wengi huanguka usiku wakienda chooni, wanavunjika nyonga, na hakuna anayekumbuka kidonge.

Babu_Hamnazo: Mnatisha watu. Tatizo ni kipimo, nusu kidonge haimdhuru mtu. Na zinazobaki mimi namwaga chooni, basi.

Nyuma_ya_kaunta: Mzee wangu, kipimo ni kweli kina uzito wake. Lakini hiyo nusu unampa mtu usiyejua kama ana mimba, au pumzi humkatika usingizini. Chooni usimwage, dawa inaishia kwenye maji. Uliza kwanza duka la dawa kama wanapokea. Wakikataa, vitoe kwenye karatasi bila kuvisaga, changanya na udongo au majani ya chai yaliyokwisha kutumika, funga kwenye mfuko, utie kwenye taka. Futa jina lako kwenye pakiti.

Nuru88: Mimi nameza kila usiku, mwaka wa pili sasa. Kwa hiyo nizitupe leo?

Nyuma_ya_kaunta: Hapana dada! Tunasema zilizobaki, ambazo matibabu yake yameisha. Ukiacha ghafla baada ya muda huo unaweza kupata degedege. Aliyekuandikia ndiye akupunguzie polepole.

Mama_Pacha: Kwetu zilikuwa kwenye mkoba wa bibi, pacha wakadhani peremende. Tuliwahi kabla hawajameza. Sasa ziko kwenye kisanduku cha kufuli, ndani ya pakiti yake, na bibi anahesabu kila Jumapili. Siku moja kimoja kilipungua, tukajua kijana mkubwa naye anachungulia.

Bintimkubwa: Duka letu halipokei, itabidi nitumie udongo. Ila jirani bado anagawa. Nimwambie nani, mwanawe au daktari wake?

Babu_Hamnazo: Anza na mwanawe. Ila nusu kidonge bado naitetea.