Marehemu binamu ananiita ndotoni kila alfajiri. Nimalizie malipo ya mtaalamu?

ZabibuChungu (mleta uzi): Wakuu habari za jioni. Naishi Nkuhungu, Dodoma mjini. Tangu tumzike binamu yangu mwaka jana, ndoto ni ile ile. Mvua kubwa, korongo limejaa maji, yeye yuko ng'ambo ananiita jina. Nikitaka kuvuka, miguu haiinuki. Naamka saa kumi alfajiri nimelowa jasho, moyo unanienda mbio. Kuna mtaalamu kaniambia marehemu ana deni na mimi, na kwamba saa kumi ndiyo saa ya mizimu. Anataka mbuzi wawili na pesa, nishatoa nusu. Anayejua tafsiri ya maji na kuitwa na marehemu anisaidie.

MamaWaIpagala: Pole mwanangu. Ukiitwa na marehemu usiitike kabisa. Ila maji, kwa shangazi yangu wa Kondoa, ni riziki inakuja. Mimi niliota meno yanang'oka, nikaambiwa msiba. Nilingoja msiba mpaka nikakonda, haukuja. Daktari wa meno ndiye aliyegundua kuwa nasaga meno usiku, ndiyo maana naamka taya linauma.

MsafiriWaBahi: Maji kwa mmoja ni deni, kwa mwingine riziki. Sasa wakuu, tunashika lipi?

AbuuSalim: Tumefundishwa kuwa ndoto ni za aina tatu: bishara kutoka kwa Mola, vitisho vya shetani, na yale ambayo nafsi ya mtu inajisemesha. Umejuaje kwamba yako siyo ya tatu? Soma Ayatul Kursiy ulale, na mbuzi wako wabaki zizini.

MuuguziWaZamu: Kabla ya tafsiri, binamu yako alifariki vipi, na wewe ulikuwa wapi?

ZabibuChungu: Ajali ya gari, mwezi wa Agosti, usiku, karibu na Mbande tukitokea Morogoro. Mimi niliumia mkono tu.

MuuguziWaZamu: Pole sana. Nani alikuwa anaendesha?

ZabibuChungu: Hilo linahusiana vipi na ndoto? Nimeuliza tafsiri.

MuuguziWaZamu: Linahusiana sana. Usipotaka kujibu, sitakulazimisha.

ZabibuChungu: Nilikuwa naendesha mimi. Polisi walisema lori ndilo lililokosea. Lakini shangazi hajanisemesha tangu siku ya mazishi, kwa hiyo mtaalamu akisema kuna deni, mimi naelewa anachosema. Msinione mjinga.

DerevaMstaafu: Nimeendesha njia hiyo ya Gairo, Kibaigwa na Mbande nusu ya maisha yangu. Mvua Agosti? Korongo limejaa maji Agosti? Mwezi huo ni mchanga mtupu na upepo. Wakuu, hii ni hadithi ya kutunga.

MsafiriWaBahi: Hata mimi nilishtuka. Hapa mvua ni Desemba.

ZabibuChungu: Someni vizuri. Mvua iko kwenye ndoto! Siku ya ajali kulikuwa kukavu. Korongo ni la kijijini kwa bibi, tulikuwa tunavuka mimi na yeye tukiwa wadogo, na mara moja maji yalitaka kunichukua, yeye ndiye alinivuta. Mzee, natunga ili nipate nini?

DerevaMstaafu: Kama ni hivyo, nisamehe. Ila ungesema mapema.

MuuguziWaZamu: Mzee kaibua jambo zuri bila kukusudia. Ubongo ukiwa usingizini mara nyingi hauonyeshi mkanda wa tukio lilivyokuwa. Unachukua kipande cha juzi, kipande cha utotoni, na kuviunganisha kwa hisia inayofanana. Hapa kuna watu wawili, mmoja yuko hatarini na mwingine hawezi kumfikia. Kwa hiyo maji yako hayana maana moja ya kitabuni. Maana yake wanayo wawili tu, wewe na binamu yako, kwa sababu ya lile korongo. Mtaalamu hakuuliza habari za bibi wala za usukani, alikuja na jibu mkononi.

Kuhusu saa kumi: unalala saa ngapi, na unakunywa chochote kabla?

ZabibuChungu: Saa nne. Nakunywa wain kidogo ya hapa hapa Dodoma ili usingizi uje. Sawa, siyo kidogo. Chupa inaisha. Bila hiyo silali.

MuuguziWaZamu: Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90. Mwishoni mwa kila mzunguko kuna kipindi ambacho macho huchezacheza chini ya kope, Aserinsky na Kleitman walikieleza Chicago mwaka 1953. Ndoto kali nyingi ziko humo. Mwanzo wa usiku kipindi hicho ni kifupi, kuelekea alfajiri kinakuwa kirefu. Humo sehemu ya ubongo inayohusika na woga inafanya kazi sana, na ile ya mbele inayopima mambo imepoa, ndiyo maana unaamini kila unachokiona. Misuli nayo inakuwa imelegezwa. Pengine ndiyo maana miguu haiinuki, ingawa hilo siwezi kuliapia.

Pombe inakibana kipindi hicho mwanzo wa usiku. Ikishaisha mwilini, usingizi unakuwa mwepesi, na ndoto zilizobanwa zinarudi kwa nguvu. Aliyelala saa nne na chupa nzima, saa kumi ndipo anapokutana nazo.

MamaWaIpagala: Kwa hiyo aache leo leo!

MuuguziWaZamu: Hapana mama. Anayekunywa hivyo kila siku akikata ghafla anaweza kutetemeka, hata kupata degedege. Apunguze kidogo kidogo akiwa na mtaalamu wa afya. Na ajue mapema kwamba akipunguza, ndoto zinaweza kuzidi kwa siku kadhaa. Hapo ndipo wengi husema mizimu imekasirika, wanarudia chupa.

ZabibuChungu: Na ndoto yenyewe naifanyaje?

MuuguziWaZamu: Kuna njia Barry Krakow na wenzake waliijaribu Marekani kwa wanawake waliobakwa, matokeo yalitoka mwaka 2001, na jinamizi lilipungua kwa wengi. Mchana, siyo kitandani, andika ndoto. Kisha ibadilishe unavyotaka, iandike upya. Halafu kila siku kaa dakika 10 hadi 20 ukiipitisha kichwani ile mpya tu, ya zamani usiirudie. Fanya hivyo kwa wiki kadhaa. Ukiona kuiandika kunakurudisha barabarani mpaka unashindwa kupumua, acha, ufanye ukiwa na mshauri.

ZabibuChungu: Nikibadilisha mwisho si nitakuwa namdanganya marehemu? Yeye ananiita, mimi najitungia hadithi.

AbuuSalim: Marehemu muombee dua. Ndoto ni yako.

MuuguziWaZamu: Habadilishwi yeye, wala ajali haifutwi. Kinachozoezwa ni ubongo wako usiishie pale pale kila usiku. Wapo watafiti wanaosema ndoto hupoza makali ya kumbukumbu, wengine wanapata kwamba usingizi huo huo huikaza. Bado wanabishana. Kwa jinamizi lililojirudia kiasi hiki, huenda upozaji umekwama. Na la shangazi yako, ndoto haitalimaliza, wala mbuzi.

ZabibuChungu: Mtaalamu anangoja iliyobaki Jumamosi. Sijasema siendi. Ila nauliza, mtu akienda Mirembe kwa ajili ya usingizi tu, hawatamlaza na waliochanganyikiwa?

MuuguziWaZamu: Hapana. Kuna kliniki ya wanaotoka nyumbani na kurudi, na wapo wanaokwenda na matatizo ya usingizi, hofu na pombe. Anzia kituo cha afya cha karibu, uombe rufaa. Taja ajali, taja kwamba ulikuwa kwenye usukani, na taja wain. Usiwafiche kama ulivyotuficha sisi.