Uliyefuta kiti kwenye Background, unajijua!

Kibatari: Wakuu, jina simtaji, wote mnamjua. Faili lake la Photoshop, PSD, limefika leo, zito kama gunia la mawe. Nafungua: leya MOJA. Background, na kufuli juu. Mteja anataka kile kiti cha nyuma kirudi. Kirudi kutoka wapi, kuzimu? Kakipiga Clone Stamp juu ya picha yenyewe!

Kazi ilikuwa kufungua leya mpya tupu, kushika Clone Stamp, kuweka Sample iwe Current & Below, kisha kuchora humo. Kiraka kingekaa juu, picha ya chini haijaguswa. Leo ningezima kijicho tu, kiti hiki hapa. Leya moja, jamani. Na kufuli!

MzeeWaPikseli: Pole, ila PSD si inatunza kila kitu? Rudi nyuma kwenye History.

Kibatari: History hufa faili likifungwa, mkuu. PSD inatunza leya zilizopo. Hapa ipo MOJA!

Bi Nukta: Punguza mapovu, omba picha ghafi. Ukiipata, fungua kufuli, kisha iweke chini ya hiyo leya, vipimo vikiwa vilevile. Ipe leya ya juu maski, kisha paka nyeusi pale kiti kilipokuwa. Nyeusi inaficha, kwa hiyo kiti cha chini kitachungulia. Ukizidisha, bonyeza X urudishie kwa nyeupe. Angalia tu fremu izunguke kijipicha cha maski, maana ikizunguka cha picha utapaka lami juu ya kazi. Na kivuli cha kiti usikisahau, kiti kisicho na kivuli kinaelea.

Kibatari: Picha ghafi anayo yeye. Simu hapokei.

Bi Nukta: Basi umekwisha 😂

Chapuchapu: Mimi natumia kifutio miaka yote, sijaona shida.

Bi Nukta: Hujarudiwa na mteja bado.

Mkasi: Leya tupu mnaisifia bure, Patch Tool haifanyi kazi humo. Mimi nanakili Background kwa Ctrl+J, nafanyia kwenye nakala.

Bi Nukta: Inafanya. Weka Patch iwe Content-Aware, tiki Sample All Layers. Nakala nayo si mbaya, ila inanenepesha faili.

Mkasi: Matokeo yake hayafanani na Patch ya kawaida. Kwenye ngozi hasa.

Sindano: Afadhali wewe umepewa leya moja. Mimi nimepewa arobaini na tatu, zote "Layer 1 copy" na namba. Kiraka cha ukuta kiko ipi? Nazima macho moja moja tangu asubuhi.

Chapuchapu: Alt ukibofya kijicho inabaki hiyo leya peke yake.

Sindano: Mara arobaini na tatu?

Mkasi: Wasiotaja majina ya leya wafungwe.

Kibatari: Jamani, kiti changu?

Sindano: Subiri, niko copy 19.