Tupeane uzoefu: kikao kimeandikwa kurasa 41, mwenyekiti anataka muhtasari wa ukurasa mmoja

MamaSalome_Pasua
Habari za usiku wapendwa. Kikundi chetu cha kina mama cha kuweka na kukopa kilikaa Jumamosi, hapa Moshi. Katibu amesafiri, kazi nikapewa mimi. Tulirekodi kwa simu, halafu mimi na binti yangu tukaandika kila neno, kurasa 41 za daftari. Mwenyekiti anataka maazimio na nani afanye nini, basi. Nimekaa siku mbili napunguza sentensi moja moja, nimefika kurasa 19 na bado haieleweki. Waliopitia haya mlifanyaje?

Chalii_wa_Sakina
Pole sana mama. Mimi ya kikao cha ukoo ilinichukua wiki nzima.

Mwanafunzi_F4
Ufupisho ni theluthi moja ya maneno ya habari. Kwa hiyo kurasa 41 zibaki kama 14. Hesabu maneno kwanza, halafu andika wazo kuu la kila aya.

Mfongo_Kibosho
Mdogo wangu, huo ni ufupisho wa mtihani. Kwenye kikao kurasa kumi zinaweza zisibakize hata neno.

Mama Salome umenigusa pabaya. Mimi ni katibu wa kamati ya mfongo, mfereji wetu wa maji huku Kibosho. Mwaka 2022 banio lilibomoka, maji yakawa yanarudi mtoni na watu wa chini hawapati kitu. Tukakaa kuamua mchango. Dakika ya 40 hivi mwenyekiti akasema, "Basi, kila kaya elfu kumi, tumemaliza." Makofi. Nyumbani nilipofika hapo kwenye maandishi nikaona nimeshapata nilichokuwa natafuta. Kurasa zilizobaki nikazipitisha macho tu, maana zilikuwa mengineyo: mbuzi wa fulani, ufunguo wa stoo.

Kumbe ndani ya mengineyo bibi mmoja alisimama akasema wajane hawana elfu kumi. Wakabishana, na mwenyekiti akamaliza kwa sauti ya chini: "Sawa, iwe elfu sita, na asiye nayo atoe siku mbili za msaragambo." Hapo hakuna aliyepiga makofi, nusu ya watu walishaondoka. Mimi nikabandika 10,000.

Kaya 31 zililipa kabla mtu hajasema. Mjane mmoja alikopa kwa jirani ili alipe. Tulitakiwa kurudisha 4,000 kwa kila kaya, jumla 124,000, na saruji ilishanunuliwa. Yule bibi alinifuata hadi nyumbani, hakugomba, aliniuliza tu, "Mwanangu, mimi sikusema?" Tangu siku hiyo nasoma kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi nyuma. Nikikuta azimio, najua hakuna lililokuja baadaye kulibadilisha.

Chalii_wa_Sakina
Daah. Huyo bibi ameniliza.

Ngaramtoni_Kwetu
Ndiyo maana mimi naandika kila mtu alichosema na jina lake. Wakigombana nawaonyesha. Muhtasari mfupi ni kujitafutia kesi.

KatibuMuhtasi_Mstaafu
Nimefanya kazi hii maofisini Arusha miaka 26. Ndugu wa Ngaramtoni yuko sahihi kwa jambo moja: mjumbe akisema "mimi napinga na iandikwe", unaandika. Mengine yote ukiyaandika kwa majina, kikao kijacho mnatumia saa nzima kugombania nani alisema nini, na agenda hamzigusi.

Mama Salome, wewe unapunguza, na ndiyo maana humalizi. Anza na karatasi tupu. Kwa kila agenda jiulize: kuna kilichoamuliwa? Kuna mtu aliyepewa kazi? Kama hakuna, agenda hiyo ni mstari mmoja, au haina kitu. Hebu weka hapa kipande kimoja kinachokusumbua.

MamaSalome_Pasua
Asante, shikamoo. Hiki hapa:

"MWENYEKITI: Sasa hili la riba. MJUMBE: Kumi ni nyingi, watu wameshindwa. MWINGINE: Tukishusha mfuko utakauka jamani. MWENYEKITI: Tuanze na tano mwezi ujao, tuone. MJUMBE: Na wenye mikopo ya zamani? MTUNZA HAZINA: Hao nitaangalia kwenye leja. MWENYEKITI: Eeh, uangalie. Tuendelee, ile sufuria iko kwa nani?"

KatibuMuhtasi_Mstaafu
Marahaba. Ningeandika hivi:

Azimio: Mikopo itakayotolewa kuanzia mwezi ujao itatozwa riba ya asilimia 5 badala ya 10.
Kazi: Mtunza hazina apitie leja kuona wenye mikopo ya zamani. Tarehe: haikutajwa.

Yamebaki hayo. Kumi ni nyingi, mfuko utakauka, vyote vinaondoka. Sasa angalia mtego. Kuhusu mikopo ya zamani hakuna aliyeamua. Mkono wako utatamani kuandika "itaendelea na asilimia 10", kwa sababu ndivyo akili inavyomalizia. Usiandike. Usijaze na tarehe ya kazi kwa kukisia. Mpigie mwenyekiti umuulize, na kama naye hana jibu, andika kwamba halikuamuliwa. Muulize pia lile "tuone": ni majaribio ya miezi mingapi, au ni neno tu la kumalizia sentensi?

Ngaramtoni_Kwetu
Mzee, sababu nayo uitupe? Mwakani mtu atauliza kwa nini tulishusha, na hakuna atakayejua. Mstari mmoja tu, "kutokana na wajumbe kushindwa kurejesha".

KatibuMuhtasi_Mstaafu
Mwenyekiti angeitaja sababu alipokuwa anaamua, ningeiandika. Iliyotajwa ni ya mjumbe mmoja, ukiiweka unaifanya ya kikao kizima.

Ngaramtoni_Kwetu
Hapo sikubaliani na wewe.

Steshenari_Mbuyuni
Mimi huwa nawachapia watu rekodi za vikao. Naomba mzingatie: kila namba, kila tarehe na kila "ha-" ya kukana, rudi ukasikilize sauti yenyewe. Niliwahi kuchapa "tukubali" na mzee alisema "hatukubali", kikohozi kilimeza ile "ha". Usiamini maandishi, hata kama umeandika mwenyewe. Weka dakika pembeni ya kila azimio, itakusaidia kurudi haraka.

Chalii_wa_Sakina
Na ukimaliza, sauti futa. Sisi ya ukoo ilivuja ikafika hadi Himo, mashangazi hawasalimiani.

Mfongo_Kibosho
Usifute! Mimi bila ile sauti ningembishia yule bibi. Angalau subiri muhtasari uthibitishwe kikao kijacho.

Chalii_wa_Sakina
Kaka, ungekaa kwenye ukoo wetu ungeshaifuta.

MamaSalome_Pasua
Wapendwa, nimerudi. Nimesoma kutoka mwisho kama alivyosema kaka wa Kibosho. Ukurasa wa 39, watu wanakunywa chai, binti ameandika mwenyekiti amesema "hao wa zamani wamalizie kwanza". Nimesikiliza mara nne, vikombe vinagonga, lakini anasema "wamalizie kwa kumi". Kwa hiyo liliamuliwa! Shida ni kwamba sala ya kufunga ilishasaliwa ukurasa wa 38.

KatibuMuhtasi_Mstaafu
Kikao kikishafungwa hilo ni maongezi ya chai, mama. Haliingii.

Mfongo_Kibosho
Lakini mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyesema, na wajumbe wote walikuwepo.

KatibuMuhtasi_Mstaafu
Walikuwepo wakinywa chai. Ambaye angepinga hakujua kwamba kuna jambo linaamuliwa.

MamaSalome_Pasua
Nimempigia mwenyekiti. Anasema hakumbuki kama alisema. Ameniagiza niandike "halikuamuliwa", liwe agenda ya kwanza kikao kijacho, na mtunza hazina alete leja siku hiyo. Nimepata ukurasa mmoja na mistari minne. Hiyo minne inatoka wapi jamani, sufuria?

Steshenari_Mbuyuni
Sufuria kuna aliyeagizwa airudishe?

MamaSalome_Pasua
Hakuna. Walicheka tu.

Steshenari_Mbuyuni
Basi itoe.