Naomba ushauri: moduli ipo, uwezo haupo. Niupake rangi gani?

Habari za leo wakuu. Nachora ramani ya uwezo wa biashara kwa kampuni ya kusambaza dawa inayotumia Odoo. Nina uwezo mkuu 9, nimeugawa hadi ngazi ya pili, kisha kila uwezo nikauunganisha na moduli inayouhudumia. Kijani ni kwamba moduli ipo, nyekundu haipo.

"Kusimamia ghala" ulitoka kijani kwa sababu Inventory ipo. Nilipokwenda ghalani nikamkuta mtunza stoo na daftari lake la tarehe za kuisha dawa. Kumbe Expiration Dates imewashwa na namba za toleo zinaingizwa, ila utaratibu wa kutoa mzigo umeachwa kwenye FIFO badala ya FEFO. Mfumo unatoa mzigo ulioingia kwanza, wakati uliokuja baadaye ndio unaoisha mapema. Hakuna moduli ya kununua hapo, ni mpangilio tu. Ramani yangu haikuliona hilo hata kidogo.

Nimejaribu kushuka ngazi ya tatu kila mahali, nikafika visanduku zaidi ya 150 na bosi akakataa kuisoma (simlaumu).

Maswali yangu mawili: mnashuka ngazi ya tatu kwa uwezo upi, na upi mnauacha? Na pengo la mpangilio mnalitofautishaje na pengo la moduli kwenye ramani ileile, bila kuongeza rangi hadi isisomeke?

Natanguliza shukrani.