Umeme na maji vinatumaliza hotelini, tuanzie wapi kubana?

Msimamizi_Sakina: Wadau, habari za leo. Nasimamia hoteli ya vyumba 24 hapa Arusha. Uniti za LUKU zinaisha kabla ya wiki, na bili ya maji haishikiki. Tuna mashine ya kufulia ya kilo 15, ya kukaushia ya umeme, na jiko la gesi. Bosi anataka mpango, nianzie wapi?

Bibi_Njiro: Fueni kwa maji baridi, umeme utashuka.

Fundi_Dobi: Bibi, kwa mashuka ni kweli, mradi sabuni iwe ya maji baridi. Vitambaa vya mezani na aproni za jikoni vyenye mafuta havitakati hivyo, mtafua mara mbili. Lakini mlaji mkubwa hapo ni ya kukaushia. Msimamizi, pima mzigo mkavu, kisha upime ukitoka kwenye kukamuliwa. Tuseme kilo 15 zimetoka 27: kuna lita 12 za maji, na kila lita hula karibu uniti moja kuikausha. Ikikamua vizuri zikatoka kilo 22 na nusu, umeokoa uniti 4 na nusu kwa mzigo mmoja. Kukamua kwenyewe hakuli hata uniti moja.

Msimamizi_Sakina: Nimepima mashuka ya asubuhi. Kilo 28! Ukiinua shuka, maji yanachuruzika.

Fundi_Dobi: Basi haikamui. Angalia kama bomba la maji machafu limeziba, maana yasipotoka mashine haiongezi kasi. Angalia pia kama mnachanganya blanketi moja zito na foronya. Mzigo ukiegemea upande mmoja, mashine inajikatia yenyewe. Halafu safisha chujio la manyoya kwenye ya kukaushia kila mzigo, na uzitoe nguo zikiwa na unyevu kidogo, pasi imalizie. Shuka likitoka gumu na la moto sana, umeme umepotea bure.

Kibosho_Lodge: Sisi Moshi tunaanika kambani, hatuna shida hiyo. Ila masika mashuka yananuka uvundo. Mnatumia dawa gani?

Fundi_Dobi: Mkuu, kwa masika hakuna ujanja, kamua sana kwanza ndipo uanike.

Mpishi_Themi: Mmesahau jiko. Wapishi wengi wanayeyusha nyama chini ya bomba lililo wazi. Bomba linalotoa lita 10 kwa dakika, ukiliacha nusu saa, ni lita 300. Itoeni jana yake, muiweke kwenye friji chini kabisa, juu ya trei, isidondoshee vyakula vingine.

Msimamizi_Sakina: Hilo la nyama lipo kwetu kabisa, leo hii nazungumza na wapishi. Bomba la mashine lilikuwa limejaa manyoya na kifungo. Baada ya kusafisha, mashuka yametoka kilo 23, ila mataulo bado 26. Mataulo ndivyo yalivyo, au ninunue mashine ya kukamua peke yake?

Fundi_Dobi: Taulo hushika maji zaidi ya shuka, hilo kawaida. Usinunue bado. Punguza mzigo wa mataulo hadi kilo 12, upime tena, utuletee namba.